Marahaba kwa Pumzi Mbili

Saa nne na robo usiku machela ilisukumwa hadi mlangoni mwa wodi ya wanawake, gurudumu lake moja likilia kama ilivyo desturi yake. Juu yake alikaa bibi mmoja, hakulala. Ameegemea mkono wa mjukuu wake, khanga imempanda hadi kidevuni, mdomo wazi. Nyuma alikuja binti yake, mama wa makamo, amebeba beseni, chupa ya chai na faili jipya la hospitali. Ilikuwa hospitali ya wilaya, pwani, nami nilikuwa na miaka 25 na zamu chache za usiku mgongoni. Tulikuwa manesi wawili kwa vitanda 30, na mwenzangu alikuwa upande wa pili akihangaika na dripu iliyogoma kushuka. Nikamwendea yule bibi, nikainama kidogo ili nisimwamkie nikiwa nimemsimamia kichwani. Kabla sijafungua mdomo, akaniwahi.

"Shikamoo, daktari."

Kwa asiyekulia na salamu hii ni neno tu. Kwa sisi ni mpangilio mzima wa dunia: mdogo ndiye anayeshika miguu, mkubwa ndiye anayeipokea heshima. Mwanamke wa umri wa nyanya yangu alikuwa ameugeuza mpangilio huo kwa sababu mimi nilikuwa nimevaa gauni jeupe na yeye amevuliwa viatu. Hiyo haikuwa adabu. Ilikuwa hofu imevaa nguo za adabu. Nimekutana nayo mara nyingi tangu usiku ule, na kila mara huniambia jambo lilelile: mtu huyu amekwisha kuamua kwamba hapa ndani atakubali kila atakaloambiwa, na anachotaka kuuliza hatakiuliza.

Ukijibu "marahaba", umeupokea ukubwa usio wako. Ukimkatalia mbele ya watu, "Ah, bibi, usiniamkie mimi!", umeanza kumsahihisha kabla hujamjua. Nilichofanya usiku ule hakikutoka kitabuni. Nilijifanya sikusikia, nikamwamkia mimi, kwa sauti ya nyumbani: "Shikamoo, bibi. Mimi si daktari, ni nesi, mjukuu wako." Nikamtajia jina langu. Kisha nikangoja, maana salamu bila kungoja jibu ni kelele tu.

"Mara..." akavuta pumzi, mabega yakapanda, "...haba."

Hapo ndipo nilipoacha kumtazama kama mgeni, nikaanza kumtazama kama mgonjwa wa haraka. Marahaba ina silabi nne. Mtu mzima aliyetulia huimaliza bila kujua kama ametumia hewa. Anayelazimika kuikata katikati hana hewa ya kutosha kwa neno moja, na huhitaji mashine yoyote kukuambia hivyo. Tena salamu ile ilikuwa imenijibu maswali mengine ambayo sikuyauliza: amenisikia, amenielewa, anajua nani anamwamkia nani, akili iko timamu. Kichomi kinapomzidi mzee, mara nyingi akili ndiyo hutangulia kupotea kabla hata homa haijapanda sana. Unamwamkia naye anakuita kwa jina la dada yake aliyekufa. Huyu alikuwa nasi kamili. Hewa tu ndiyo haikuwepo.

Tukampeleka kitanda cha saba, karibu na dirisha na karibu zaidi na mashine ya oksijeni. Sikumlaza. Asiye na pumzi ukimlaza chali unamzamisha, na kwa wazee wetu kulazwa chali hospitalini kuna maana nyingine pia. Tulimwegemeza kwa mito miwili na furushi la nguo zake mwenyewe, akakaa nusu wima. Nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vikiachia ukingo wa kitanda.

Neti ya mbu ilikuwa imekwisha kushushwa upande mmoja. Nikasimama nje yake nikasema, "Hodi." Binti yake alicheka kidogo kwa mshangao. Bibi hakucheka. "Karibu," akasema, safari hii kwa pumzi moja, neno likiwa fupi. Sijui kwa nini shule ya uuguzi inafundisha idhini ya mgonjwa kwa kurasa nyingi, wakati Kiswahili kimeifunga katika neno moja ambalo mtoto wa miaka mitatu analijua. Kitanda ndiyo nyumba pekee aliyobaki nayo mgonjwa. Ukifunua neti au khanga bila hodi, umevunja mlango.

Kwanza nilitakasa mikono mbele yake, pale pale, taratibu, mpaka ikauka. Kazi hiyo inatakiwa kuchukua kama sekunde 20 hadi 30, na wengi wetu huifanya kwa tano. Kuifanya mgonjwa akikuona ni salamu ya pili. Glavu sikuvaa. Zina mahali pake: damu, vidonda, choo, kutoboa mshipa. Kumshika mtu kifundo cha mkono ili kuhesabu mapigo si mahali pake, na mgonjwa anayeguswa kwa mara ya kwanza kupitia mpira huelewa ujumbe ambao hukukusudia, kwamba unamwonea kinyaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenisumbua miaka yote hii. Nilimshika mkono, vidole vyangu vitatu juu ya mshipa upande wa kidole gumba, macho kwenye saa. Mapigo 116 kwa dakika. Kisha, bila kuuachia mkono na bila kusema neno, macho yangu yakahama kutoka kwenye saa kwenda kwenye khanga iliyokuwa ikipanda na kushuka kifuani, nikahesabu pumzi kwa dakika nzima nyingine. Yeye alidhani bado napima mshipa, na hivyo ndivyo nilivyotaka adhani. Ukimwambia mtu "nahesabu pumzi zako", papo hapo pumzi zinabadilika: anazivuta ndefu, anazibana, anakupa zile anazofikiri unazitaka. Kwa hiyo sisi tunaotafuta kuaminiwa huanza kwa hila ndogo. Niliwahi kumwuliza mwalimu wangu kama huu si uongo. Alinijibu kwamba ni kunyamaza. Jibu hilo halijanitosha, lakini sijapata njia nyingine ya kuipata hesabu iliyo ya kweli. Nimejiwekea deni tu: nikimaliza, namwambia nilichokifanya. Usiku ule nilimwambia, "Bibi, nilikuwa pia nahesabu unavyopumua. Ni mara 34 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 mpaka 20." Akanitazama kwa jicho la pembeni, kama mtu aliyeibiwa kisha akarudishiwa.

Na iwe dakika nzima kweli. Anayehesabu kwa robo dakika kisha akazidisha kwa nne anazidisha na kosa lake pia, na pumzi za mgonjwa wa kichomi hazina mpangilio. Hata hivyo kipimo hiki kisichohitaji umeme wala betri ndicho tunachokidharau kuliko vyote. Pita wodini ufungue mafaili. Utakuta wagonjwa wote wanapumua mara 20, kijana aliyevunjika mguu na mzee mwenye moyo uliovimba, mchana na usiku, 20, 20, 20. Mwanadamu hapumui hivyo. Kalamu ndiyo inayopumua hivyo.

Kipima oksijeni cha kidoleni kiligoma kusoma. Kucha za bibi zilikuwa na hina iliyokolea hadi kuwa nyeusi, na vidole vyenyewe vilikuwa baridi. Kifaa hiki hupitisha mwanga kwenye ncha ya kidole. Rangi nyeusi huweza kuuzuia, na damu isiyofika vizuri kwenye kidole baridi huipa mashine kitu kidogo mno cha kusoma. Nikauchukua mkono wake nikaufunika kwa mikono yangu miwili ili upate joto, na kwa kuwa nilikuwa sina la kufanya isipokuwa kungoja, nikauliza, "Hina hii ya harusi ya nani?"

Ya mjukuu wa kike, Jumamosi iliyopita. Alisema kwa vipande, neno, pumzi, maneno mawili, pumzi. Alikesha ukumbini, kukawa na baridi, Jumapili kikohozi, Jumanne ubavu wa kulia unachoma. Hapo nikawa nimepata tarehe ya kuanza ugonjwa, upande wa pafu na maumivu yanayozidi akivuta hewa, yote kwa swali la harusi. Nisingekuwa mkweli nikisema nilipanga. Nilikuwa napasha vidole joto. Ila tangu siku hiyo huwa natafuta kitu kimoja mwilini mwa mgonjwa kisichohusu ugonjwa, hina, tasbihi, kovu la zamani, nguo aliyoichagua kuja nayo, na huanzia hapo. Kifaa nikakiweka ubavuni mwa kidole badala ya juu ya ukucha. Kikasoma asilimia 86.

Binti yake muda wote huo alikuwa akinijibu mimi kwa niaba ya mama. Hakuna aliyewahi kumleta mzazi hospitalini akaweza kunyamaza. Wauguzi wengi huwatoa nje kwa ukali, au huwageukia moja kwa moja na kumwacha mgonjwa akisikiliza habari zake mwenyewe. Nilimwambia, "Mama, shikamoo, hata wewe sijakuamkia. Nitakuhitaji sasa hivi kwenye dawa alizotumia. Hebu kwanza nimsikie bibi." Aliyepewa kazi yake hujua pa kusimama.

Nikamwuliza bibi swali ambalo siku hizi ndilo la kwanza kwangu: "Mbona umekuja usiku huu, hukuja jana?" Nimekwisha kuacha kuuliza "unajisikiaje" au "habari za leo". Salamu zetu zina jibu moja. Mtu akiulizwa habari atasema nzuri. Hata kwenye msiba watu husema nzuri kwanza, kisha ndipo wanakuambia aliyekufa. Nimeona mgonjwa anayetapika damu akisema "sijambo, nesi" kwa adabu kamili, na mwuguzi mgeni akaandika kwenye faili kwamba hali ya mgonjwa ni nzuri. Si kwamba watu wanadanganya. Umewauliza kitu ambacho lugha imekwisha kuwajibia. Lakini "mbona usiku huu" halina jibu la desturi. Bibi alifikiri. "Leo nimeshindwa... kufika msalani," akasema. Hatua kumi za uani, ambazo jana aliziweza.

Kisha umri. Faili la mapokezi lilisema 60, namba nzuri ya mviringo iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na foleni. Bibi hakujua mwaka aliozaliwa, ila aliposikia nauliza akasema Uhuru ulimkuta amekwisha kuvunja ungo. Uhuru wa Tanganyika ni Desemba 1961. Basi huyu si wa miaka 60 bali anakaribia 80. Si udadisi wa historia. Katika hesabu ambayo madaktari huitumia kupima ukali wa kichomi, kufikisha miaka 65 ni alama nzima peke yake, na pumzi 30 au zaidi ni alama nyingine. Nikalikata lile 60, nikaandika makisio mapya pamoja na sababu, nikatia sahihi, nikampigia simu daktari wa zamu.

Wakati nikimsubiri, nikachukua mipira ya puani kumwunganisha na oksijeni. Ndipo kila tulichokuwa tumejenga kikatikisika. Bibi aliushika mkono wangu kwa mkono uleule niliokuwa nikiupasha joto, akausukuma.

"Hiyo... sitaki."

Anayefanya kazi wodini tangu miaka ya Uviko anaijua kauli hii. Watu waliona jirani akiwekewa gesi akafa, shemeji akawekewa akafa, wakahesabu, wakapata jibu: gesi inaua. Hesabu yao si ya kijinga, wameona vilivyofuatana. Kilichofichika ni kwamba oksijeni hupewa aliyezidiwa, na mara nyingi hupewa amechelewa, kwa hiyo kifo na mpira wa puani huonekana pamoja kama moshi na jivu. Mwenye haraka husema, "Bibi, acha ushirikina," au anamwambia binti, "Mshikilie." Nimewahi kuona mwenzangu akimfunga mgonjwa mipira kwa plasta. Mgonjwa aliivua kila alipopewa mgongo, na asubuhi tukaandika kwamba hakutoa ushirikiano.

Nilikaa. Kulikuwa na ndoo imepinduliwa chini ya kitanda, nikaivuta nikaikalia. Watafiti wa Marekani, huko Kansas, walipima jambo hili mwaka 2012: daktari akikaa kitako kando ya mgonjwa badala ya kusimama, mgonjwa hudhani amekuwa naye muda mrefu zaidi, hata kama dakika hazikuongezeka. Kwetu tungeweza kuwaambia bila utafiti, maana anayezungumza nawe amesimama mlangoni ni mwenye safari. Nikauliza, "Nani aliwekewa?"

"Babu yao." Akanyamaza. "Hakurudi."

Sikumwambia kwamba yeye atarudi. Sikujua. Kama ningemwahidi, na alfajiri akazidiwa, ahadi yangu ingekufa kabla yake, na binti yake angekaa nayo maisha yake yote. Nikasema, "Pole, bibi." Pole si dawa, lakini ina mahali pake, na pale ndipo palikuwa mahali pake, mapema zaidi ingekuwa desturi tu. Halafu nikamwonyesha kile kidude kidoleni. "Hii namba ni 86. Tunaitaka ipite 92. Nitakuwekea mpira huu uushike wewe mwenyewe mkononi, si puani, uisikie hewa yake. Ukiona sawa, tuweke puani kwa muda wa tasbihi moja. Namba isipopanda, nitakuja na jambo lingine. Ikipanda, utaiona."

Aliishika ile mipira, akaisogeza shavuni. Hewa ilikuwa baridi kidogo. Akaisogeza puani mwenyewe. Nilianza na lita tatu. 86, 87, 87, 89. Alikuwa akiitazama ile namba kama mtu anayetazama mizani ya muuza samaki. Ilipofika 92 aliniangalia, hakusema kitu, akaegemea mto.

Daktari akaja, akasikiliza kifua, akaandika seftriaksoni ya mshipa ianze saa ile ile. Nilipokuwa natafuta mshipa ndipo bibi, bila kuulizwa, akasema kwamba kuanzia Jumatatu alinunuliwa vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa muhimu, akanywa vinne akaacha, na kwamba kuna mizizi pia alichemshiwa. Binti akainamisha uso. Sikuuliza kwa nini walichelewa. Swali hilo lina raha kwa anayeliuliza na hasara kwa kila mtu mwingine; likishatoka, mizizi haitatajwa tena, na vile vidonge vinne ambavyo daktari alihitaji kuvijua vitabaki nyumbani ndani ya karatasi.

Nilipogeuka kuondoka nikasema neno ambalo nimelisema maelfu ya mara. "Nakuja."

Kiswahili kina utani wake. Anayesema "nakuja" anaondoka. Ndiyo maana yake halisi wodini, na kila mgonjwa anaijua. Nakuja inaweza kuwa dakika mbili, inaweza kuwa kesho kutwa. Nilijisikia nikilisema, nikarudi hatua moja. "Nitarudi saa sita kasoro robo, bibi. Saa ile pale ukutani. Nitakuhesabu pumzi, na safari hii nakuambia mapema." Akatikisa kichwa kwamba amesikia.

Saa tano na nusu mgonjwa wa kitanda cha 22 alipata degedege. Nilikuwa huko mpaka saa sita na dakika ishirini. Nilipofika kitanda cha saba, bibi alikuwa macho, na jicho lake lilitoka kwangu likaenda ukutani likarudi. Hapa ndipo tunapopoteza imani ya mgonjwa zaidi kuliko kwenye salamu, nadhani. Unamkuta mgonjwa, unaanza kazi kana kwamba hakuna saa iliyopita. Nikasema, "Nilikuambia saa sita kasoro robo. Nimechelewa dakika thelathini na tano. Kuna mama pale alizidiwa." Bibi akauliza, "Yu hali gani?" Nikamwambia ametulia. "Basi," akasema. Nikashika mkono wake. Pumzi 28.

Mwaka 2013 kule Uingereza daktari mmoja aitwaye Kate Granger, naye mgonjwa wa saratani, alianzisha kampeni kwa sababu alilazwa akahudumiwa na watu wengi ambao hawakumtajia hata majina yao. Nilipoisoma habari yake nilicheka kwanza: wenzetu wanahitaji kampeni kwa salamu! Halafu nikaacha kucheka. Sisi salamu hatuikosi. Tunaingia wodini asubuhi tunasema "Hamjambo wote," wodi nzima inaitikia "Hatujambo," na baada ya siku tisa mgonjwa anarudi nyumbani akisema alitunzwa na nesi mnene na nesi mwembamba. Yeye naye kwetu alikuwa kitanda cha saba.

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tunakabidhiana zamu. Tulipofika dirishani bibi alikuwa amekaa, kikombe cha uji mkononi, mipira puani imepinda kidogo. Nikamwamkia, akaitikia, na nilikuwa nimekwisha kuandika asilimia 95 kabla sijatambua kwamba neno lilitoka zima. Mwenzangu wa asubuhi alikuwa amesimama mguuni pa kitanda na faili wazi. "Kitanda cha saba, kichomi, oksijeni lita mbili," akasoma. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba," akasema bibi. Akashusha kikombe, akamtazama juu mpaka chini. "Nawe waitwa nani?"